Ile Moja ya Kutoa

Wangare alikuwa amefundisha hesabu katika chuo kimoja mjini Nakuru tangu nywele zake zikiwa nyeusi ti, na asubuhi hiyo alikuwa akisimamia mtihani wa marudio. Karibu na dirisha aliketi Fancy Chemutai, binti wa wakulima wa viazi kutoka Olenguruone. Hii ndiyo iliyokuwa nafasi yake ya mwisho. Akianguka, chuo kingemfuta.

Wangare alipita taratibu, akamwona amefika swali la inverse, la kutafuta kinyume cha y = 3e²ˣ − 1. Moyo ukamtulia. Swali la aina hiyo walikuwa wamelirudia mara nyingi ofisini: ongeza moja pande zote, gawa kwa tatu, ndipo uchukue ln, yaani logi asilia. Unapata x = ½ ln((y + 1)/3), halafu unabadilisha nafasi za herufi x na y.

Lakini kalamu ya Fancy iliikimbilia ln papo hapo, ikaipachika kwenye kila kipande peke yake: ln y = ln 3 + 2x − ln 1. Na kwa kuwa ln 1 ni sifuri, ile moja ikapotea hivi hivi. Akabadilisha herufi, akaandika ½ ln(x/3), akapiga mstari chini yake.

Wangare aliliona kosa hilo. Neno moja tu lingetosha. Lakini Kabiru, msimamizi mwenzake, alikuwa mlangoni, na hata asingekuwapo, mtihani ni mtihani. Akakohoa. Fancy akainua macho, akatabasamu, akafungua ukurasa mwingine.

Jaribu sifuri, mwanangu, Wangare aliomba kimoyomoyo. Sifuri ukiiweka kwenye funksheni unapata mbili. Mbili ukiiweka kwenye jibu, lazima irudi sifuri. Jibu la Fancy lingetoa ½ ln(2/3), na uongo ungejulikana.

"Mliobaki na muda, hakikisheni majibu yenu," akawatangazia wote, kama ilivyo desturi.

Fancy akalirudia swali, akalitazama, akaweka alama ya vyema pembeni.

Mtihani ulipokwisha, Fancy alimkimbilia Wangare nje. "Madam, ile ya inverse nimeimaliza kabisa! Nimeshampigia mathe simu nyumbani."

"Umejitahidi, mami," Wangare akajibu, akatazama kando.

Aliposahihisha, alimpa alama ya kubadilisha herufi, akakosa pengine pa kumwongezea. Mwalimu mwingine akaupitia mtihani, hesabu ikawa ileile. Alama alizopungukiwa Fancy zingejazwa na swali hilo.

Matokeo yalipotoka, Fancy alikuja ofisini. Hakulia.

"Madam, nilikosea wapi?"

Wangare akachukua kalamu, akaandika y + 1 = 3e²ˣ. "Penye kutoa, huwezi kuipachika ln kwenye kila kipande peke yake. Ungeongeza moja kwanza."

Fancy akaitazama karatasi.

"Lakini hiyo naijua, Madam."

"Najua unaijua."

Huko nje mtu alikuwa akiita majina ya wanafunzi wa darasa lililofuata.