Grili za Zuleka

Nani amekuambia nilimkatalia? Zuleka, mpangaji wangu pale Karurumo, alikuja na barua. Mimi kusoma ni kidogo kidogo, nikamwambia, "Nisomee wewe, mama." Akasoma: anaomba kuweka grili za chuma na neti za mbu kwa madirisha, gharama yake. Mwizi alikuwa ameingiza fimbo akavuta blanketi ya mtoto, na mbu nao hawalali. Nikikataa, anahama.

"Na siku ya kuhama?" nikauliza.

"Grili zinabaki, babu. Neti ni za skrubu, naenda nazo."

"Sawa. Lakini grili ya chumba cha kulala ifunguke. Moto ukishika mlango, utatokea wapi na mtoto?"

"Mwizi naye si ataifungua?"

"Weka kufuli ndani. Funguo itundike mbali, fimbo isifike."

Akakubali, tukaweka sahihi, kila mtu na karatasi yake.

Kumbe Munene, fundi wake, alitaka kukaza neti kwa ndani juu ya grili, zisifunguke kabisa. Nikamwita. "Munene, dirisha linafunguka nje. Huyu mama atalifunga na mkono gani, wa jirani?" Akacheka, akazitia neti bawaba.

Jumamosi kazi ikaisha. Jioni Zuleka akapika pilau, akafungua madirisha yote, na mimi na Munene tukasimama pale tukingojea mbu. Hakuna hata mmoja.

"Kwani mnataka niwaalike hao mbu?" Zuleka akasema. "Ketini, chakula kinapoa!"

Tukaketi, tukala.