Hongera za Karakana

Ujumbe wa mpiga pasi wetu uliingia kwenye kundi la simu la karakana tukiwa mezani tunashona kola za sare: "Jamani, tumekuwa wazazi. Nitakosekana kazini siku chache."

Basi. Hakusema mama hali gani, kajifungua vipi, wala mtoto ni wa kike au wa kiume. Mtu anayependa porojo kama yule akiandika kwa mkato hivyo, mwenye akili hushika adabu.

Msimamizi akili hana. Alinyakua simu na kuanza kuandika kwa niaba yetu sote, huku akisoma kwa sauti: "Hongera bingwa! Tunamshukuru Mungu mama kajifungua salama, mtoto mzima! Haya, dume au jike?"

"Dume au jike? Kwani kazaa mbuzi?" nikamuuliza.

"Ongeza, kajifungua bila kisu cha daktari!" akadakia mkata vitambaa, ambaye sisi humwita Kidomo, na hakupewa jina hilo bure. "Na uliza kafanana na nani, tujue kama ni wake."

Wakacheka.

"Msitume," nikasema. "Nani kawaambia ni salama? Nani kawaambia ni mzima? Huyo mtu huenda amekaa kwenye benchi la hospitali, roho mkononi. Mpongezeni kwa alichosema mwenyewe, mengine mwachieni."

"Wewe nawe, mkosi tu. Uzazi ni furaha," akasema msimamizi, akatuma. Kidomo akafuatisha picha ya kidoli kilichovaa taji.

Nikaenda dirishani, nikamwandikia mpiga pasi peke yake: "Mdogo wangu, hongereni wewe na mke wako kwa kuwa wazazi. Nawawaza. Meza yako ya pasi nitaiangalia. Usihangaike kujibu. Ukitaka chakula, mtu wa kukaa naye, au kunyamaza tu, nipo." Neno "salama" lilikuja lenyewe vidoleni, maana ndiyo mazoea yetu. Nikalifuta.

Hadi tunafunga mashine, kundini kimya.

"Anaringa," akasema msimamizi. "Au kapata binti, kanuna."

Simu ikatikisika mfukoni mwangu. "Dada, kule nimeshindwa kujibu. Walikuja wawili. Amebaki mmoja. Mama yao bado hajaambiwa. Simu yangu anayo yeye muda mwingi, nimelazimika kufuta jumbe za kundi kabla hajaziona. Yako nimemsomea."

Nilimtazama Kidomo akichokonoa meno kwa sindano ya mashine, nikatamani kumtapikia viatuni. Siri haikuwa yangu, nikaimeza.

Kisha nikaketi kujibu. Najua watakachomwambia wote: mshukuru Mungu, umebakiziwa mmoja. Mimi nikaandika: "Pole sana, mdogo wangu. Ukiweza, siku yoyote, nisimulie habari zao wote wawili."

Akajibu papo hapo, na hakuanza na aliyebaki.