Zipu Iliyotafuna Kente ya Nana Pokuaa

Nana Pokuaa aliwahi kumnyima pasta kiti akakikalia yeye, kwa hiyo alipompa mjukuu wake Serwaa kente ya ujana wake, kitambaa cha fahari kilichofumwa kwa mkono, ashonewe gauni la posa, akaweka sharti moja tu: mkasi usiiguse. Ukiigusa, yeye atanyanyuka arudi kwake, na wakwe wabaki na vinywaji vyao vya posa. Na kila mtu pale Ejisu alijua kwamba bila Nana kuketi, hakuna posa.

Fundi Fosuwaa akasema sawa. Angesema nini? Upana uliozidi hakuukata, aliukunja kwa ndani, kando ya zipu, mkunjo mnene kama mkate wa jana. Alijua mkunjo unaokaa karibu na meno hutaka kubanwa kwa uzi. Akaahidi kuubana kesho. Kesho ikawa leo, na leo wakwe walikuwa wameshaketi uani.

Chumbani Serwaa alivuta tumbo ndani. Shangazi zake wawili, Dufie na Nyarkoa, wanawake waliojaaliwa nguvu na kunyimwa subira, wakapandisha zipu. Ikafika katikati ya mgongo, ikameza mkunjo, ikanyamaza.

Shangazi Dufie alikuwa na dawa: kuvuta. Alivuta hadi bibi harusi akasogea na kitanda alichokishika. Shangazi Nyarkoa naye alikuja na kopo la mafuta ya shea, maana kwake hakuna ugonjwa, madeni wala mlango uliokwama ambao shea haiutibu. Fosuwaa akalinyakua kopo kabla kente haijageuka sufuria ya kukaangia. Ndipo Dufie, kwa hekima zake zote, akaulizia mkasi.

"Mkasi upo," Fosuwaa akasema. "Ukishakata, utoke wewe ukamweleze Nana. Mimi nitapitia dirishani."

Dufie akakumbuka kwamba ana shughuli jikoni. Fosuwaa akamrudisha: safari hii mikono yake ilikuwa na kazi.

Huko nje msemaji wa wakwe alianza kudai bibi harusi. Kwa bahati mila ya kwao ina huruma na mafundi wazembe: kabla ya bibi harusi halisi, hutolewa wa uongo, amefunikwa shuka gubigubi, wakwe wamkatae watu wacheke. Akatolewa binamu mmoja. Wakacheka. Akatolewa mpishi, mkononi bado ana mwiko. Wakacheka zaidi, wakisema familia hii inajua utani. Utani! Fosuwaa jasho lilimtiririka mpaka kwenye viatu.

Aliwaweka shangazi kila mmoja ubavu wake, wamsukume Serwaa kutoka pande zote mbili, gauni lilegee, zipu isivutwe na mwili. Akachungulia kwa ndani. Mkunjo ulikuwa umeingia upande wa kushoto tu, wala haukuwa umechanika. Walioharibika walikuwa watu. Akachukua penseli, akapaka risasi yake kwenye meno ya chuma yateleze, juu na chini ya kichwa cha zipu, pasipo kugusa kitambaa. Kisha akashika utepe wa zipu chini, akaukaza. Kwa mkono wa pili akavuta mkunjo pembeni, mbali na meno, wala si kwenda juu.

"Sasa Dufie, shika kichwa. Kirudishe chini kidogo, kilikotoka. Kidogo, nimesema, huchoti maji kisimani."

Kikarudi upana wa unywele. Fosuwaa akasukumia ncha butu ya kibanio cha nywele chini ya mkunjo, akautuliza, akauvuta tena. Kikarudi unywele mwingine. Nje akatolewa wa uongo wa tatu, mjomba mwenye ndevu, na msemaji wa wakwe akaanza kucheka kwa shida.

Uzi mmoja ukajitokeza. Serwaa akanong'ona kwamba anakata roho. Fosuwaa akamwambia aendelee kukata roho, ila asipumue. Akavuta pembeni, Dufie akateremsha, na kente ikatoka nzima nzima, imekunjamana kama uso wa Nana mwenyewe.

Fosuwaa akaubana mkunjo kwa mishono mikubwa, ile ile ya kesho, kisha zipu ikapanda bila neno.

Serwaa alipotoka, Nana hakutazama uso wake. Alimgeuza, akapapasa mgongo polepole, wakwe wakingoja. Akakuta alama nyeusi ndogo kwenye kidole chake, akainusa.

"Penseli, si mkasi," akasema. Akamtazama Fosuwaa hadi Fosuwaa akazeeka. "Basi mtoto aulizwe."

Serwaa akaulizwa mara tatu kama vinywaji vipokewe, mara tatu akakubali, na Nana hakunyanyuka.

Jioni Nyarkoa alikuwa akiwasimulia wakwe jinsi alivyoiokoa kente kwa mafuta ya shea. Dufie alimuunga mkono. Fosuwaa alimega tonge jingine la fufu, kwa kuwa mtu aliyeahidi mshono wa kesho hana ubavu wa kubishana na yeyote.