Kazi Si Posa

“Soma tena hapo pa tarehe,” nilimwambia shemeji yangu Ishengoma. “Soma kwa sauti, mama yako naye asikie.”

“Nimeshasoma.”

“Soma!”

Akaivuta miwani, akaishika nakala ya barua yake mbali na uso. “‘Kuhusu siku ya kuanza kazi, tunaona vema aanze mwezi wa kwanza mwakani, baada ya ukoo kumaliza matanga ya ndugu yetu marehemu Rugemalira, mumewe, na baada ya mavuno ya kahawa.’”

“Tunaona vema. Ni nani hao wanaoona vema?”

“Ukoo.”

“Ukoo ndio ulioomba kazi? Ukoo ulikaa chuoni Tengeru ukasoma maendeleo ya jamii hadi ukapata stashahada?”

Mama mkwe wangu, Kokushubila, alikuwa amekaa kwenye mkeka akimenya ndizi. Hakuinua uso. Kisu chake kiliendelea.

Kazi yenyewe ilikuwa ya shirika la kuhudumia yatima, ofisi yake Bukoba mjini. Waliniandikia kwamba wananipa nafasi ya mratibu, wakataja mshahara, miezi ya majaribio, nyumba ya kupanga ya kule Kagondo, na siku ya kuripoti: Jumatatu, tarehe mosi Agosti. Chini wakaandika kwamba nijibu kwa maandishi kabla ya ofisi kufungwa Ijumaa, la sivyo watamwita aliyenifuata katika usaili. Barua ile ilinifikia kupitia sanduku la parokia. Kabla sijajibu, mtoto wangu mdogo akapandwa na malaria, nikalazwa naye hospitali. Barua nikaiacha mezani. Nyumba ya mjane haina mlango; kila mwanaume wa ukoo huingia apendavyo. Ishengoma akaingia, akasoma, akajibu, akaipeleka Jumatano kwa gari la parokia. Tulirudi nyumbani Alhamisi jioni. Asubuhi ya Ijumaa, siku ya mwisho ya kujibu, akaja kujisifu.

“Bernadina, wewe una hasira za bure,” alisema. “Nimekuandikia barua nzuri. Nimewashukuru sana. Nimewaombea baraka. Nimeandika kwamba wewe ni mtiifu na unatoka katika ukoo wa watu.”

“Halafu ukaomba nini?”

“Vitu vidogo tu.”

“Vitaje.”

“Siku isogezwe. Ufanyie kazi hapa Buganguzi, usiende mjini. Na mshahara waufikirie upya.”

Nilitaka kumpiga kwa mchi. Badala yake nilicheka, kicheko kibaya.

“Ta Ishengoma,” nikamwita kwa heshima ya Kihaya, “hiyo siyo barua ya kukubali. Umewakatalia.”

“Nimewakatalia wapi? Nimeandika ‘tumekubali’ mstari wa kwanza!”

“Mtu akikuuzia mbuzi, ukamjibu ‘nimekubali, ila nataka ng’ombe, na uniletee Januari,’ umenunua mbuzi?”

Akajinyoosha. Hapo ndipo nilipomwelewa. Ishengoma ndiye msemaji wa ukoo katika posa zote. Wakija watu na rubisi yao, pombe ya ndizi, kuposa binti, yeye ndiye anayewajibu, na kwa Wahaya jibu la kwanza kamwe haliwi ndiyo. Unawashukuru mpaka wachoke, unawasifia rubisi, halafu unasema nyumba haijawa tayari, mrudi baada ya mavuno. Ukikubali siku hiyo hiyo, umemshusha binti. Wataondoka wakisema, kumbe walikuwa wamechoka naye.

“Umewajibu kama waposaji,” nikasema.

“Nimekupandisha thamani! Wakikutaka kweli, watarudi.”

“Hawatarudi! Wana orodha! Aliyenifuata anasubiri kuitwa leo!”

“Basi kama hawarudi, walikuwa hawakutaki. Hapa hukosi kitu. Mwanamke wa ukoo huu hakosi mtu wa kumtunza.”

Alilisema hilo kwa upole, akitazama kahawa nje. Mavuno yalikuwa yameanza na wachumaji wamepungua; nyumba tatu za jirani zilikuwa zimebaki na vikongwe na watoto.

“Unataka kunitunza wewe?”

“Ni desturi, mjane hurithiwa na shemeji. Sikuiunda mimi.”

“Kaka yako alirudi mzima kutoka vitani Uganda, risasi hazikumgusa. Kilichomuua unakijua, na mkeo nyumbani anakijua. Sasa unakuja kunitunza. Utaniletea Ukimwi, au unakuja kuchukua wangu?”

Kisu cha mama mkwe kilisimama. Neno hilo halisemwi. Tunasema ‘aliugua sana’, tunafukia, tunarudi kuchuma kahawa.

“Mjane wetu halali nje ya kibanja, shamba aliloachiwa na mumewe, kabla ya matanga kuisha,” Ishengoma akasema, na upole umemwishia. “Ukienda kuishi Kagondo Jumatatu, umeondoka. Nitawaita wazee, na kibanja hiki kitapata mtu mwingine.”

Nilifuta meza, nikatoa karatasi mbili, nikaweka kaboni katikati, nikakaa.

“Unaandika nini?”

“Barua ya kukubali. Itazame vizuri, usije ukaharibia na wengine.”

Niliandika anwani yangu na tarehe, kisha namba ya kumbukumbu kama ilivyokuwa kwenye barua yao. Nilisoma kila sentensi nilipoimaliza, kwa sauti.

“‘Nashukuru kwa kunipa nafasi ya Mratibu wa Huduma kwa Yatima. Naikubali kazi hii kwa mshahara, muda wa majaribio na masharti mengine yote yaliyotajwa katika barua yenu. Nitaripoti ofisini Bukoba Jumatatu, tarehe 1 Agosti 1988.’”

“Hujaomba hata kitu kimoja!”

“Ndiyo. ‘Barua iliyoletwa kwenu Jumatano na Bwana Ishengoma sikuiandika wala kuiagiza; naomba isihesabiwe kuwa jibu langu. Nawashukuru tena kwa kuniamini.’”

Nikatia sahihi. Jina kamili chini yake.

“Na kibanja?” Ishengoma aliuliza, sasa akimuuliza mama yake, si mimi. “Mae, unamsikia? Anakiacha.”

Kokushubila aliweka ndizi ndani ya sufuria. Alikuwa amezika wana watatu katika kibanja kile, Rugemalira wa mwisho.

“Kinaachwaje, na mimi nimo?” akasema. “Ni cha Datius, mwana wa marehemu. Nitakaa humu mpaka akue. Waite hao wazee, Ishengoma. Waje wanitoe mimi kwanza.”

“Mae, desturi—”

“Desturi ingekuwa inalisha, kaburi la tatu nisingelichimba kwa mkopo.” Akanigeukia bila tabasamu. “Na wewe unakaa kufanya nini? Gari la samaki linapita barabarani kabla jua halijawa kali. Watoto niachie.”

Nilibadili kitambaa cheusi kichwani, nikavaa viatu. Ishengoma alisimama mlangoni. Nilimwambia apishe, naye akapisha.

Nilipanda gari la sangara, nikakaa juu ya kreti, nikafika mjini nanuka ziwa. Ofisini karani, dada mmoja aitwaye Kezia, alikuwa na barua ya Ishengoma mbele yake, kurasa tatu, na simu mkononi.

“Wewe ndiye Bernadina? Nilikuwa namtafuta mwenzako aliyekufuata. Barua hii inasema huwezi mpaka Januari.”

“Sahihi yangu iko wapi humo?”

Akageuza kurasa, akatazama chini. Akarudisha simu mahali pake. Nikampa barua yangu na nakala ya kaboni, akasoma yote, akachungulia saa ya ukutani.

“Umewahi,” akasema.

“Nigongee mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu. Na tarehe.”

Akagonga. Nikasubiri wino ukauke, nikakunja nakala, nikatoka kwenda Kagondo kuitazama nyumba.