Neno Asilolisema Bi Khurshid

Kidawa aliliona bango kabla bodaboda haijasimama. Lilikuwa limefungwa mbele ya kibanda chake cha mafuta ya nazi pale Kilindoni, refu kama kanga mbili zilizoungwa, na katikati yake Bi Khurshid anacheka. Bi Khurshid huyo huyo aliyezikwa wiki tatu zilizopita.

Alisoma maneno yaliyokuwa chini ya picha, akayasoma tena, maana mara ya kwanza macho yaligoma kuamini. "Nilikuwa na kidonda cha kisukari. Mguu ulitaka kukatwa. Mafuta ya Kidawa yameniponya."

"Shemeji, umerudi!" Mansuri, mdogo wa mumewe, alitoka kibandani amejaa tabasamu. "Umeliona? Limekuja juzi na boti kutoka Nyamisati. Na kwenye ukurasa wetu nimeliweka pia. Simu hailali!"

Kidawa alikuwa ametoka Juani, alikokwenda siku nne kununua nazi, na mtandao wa kule unakuja ukipenda. Siku nne tu. Mtu huwezi kumwachia Mansuri kibanda siku nne asikuachie msiba.

"Nani kakwambia Bi Khurshid aliponywa na mafuta?"

"Si alitusifia mwenyewe? Mimi nimenogesha kidogo."

"Umenogesha! Mansuri, yule mama ni mchuzi?"

Hasira zilimpanda, na alikuwa na haki nazo. Jina lile la Mafuta ya Kidawa alilijenga neno kwa neno. Miaka miwili iliyopita, watu wa Dar walikuwa wakimwuliza bei, akiwaambia watume pesa ndipo awatumie chupa, wananyamaza. Mmoja alimwandikia bila haya: dada, sikujui, hata jina la kisiwa chenu lenyewe ni la majambazi. Hakumlaumu. Mitandaoni wezi wamejaa kama dagaa, na yeye hakuwa na duka la kioo wala mtu wa kumdhamini.

Akaanza kuwaomba waliokwisha kununua waseme wenyewe. Kila aliyemtumia shukrani alimwuliza kwanza: naweza kuyaonyesha maneno yako? Kwa jina lako au bila jina? Na picha? Niyaweke ukurasani tu, au na kibandani? Majibu aliyahifadhi kwenye simu, na namba za watu alizifuta kabla ya kuonyesha chochote. Waliokataa aliwashukuru akaachana nao. Ushuhuda kumi na mmoja kwa miaka miwili, ndio ulioanza kuwafanya wageni wamwamini. Wa Bi Khurshid ulikuwa wa kwanza.

"Hebu nipe simu ya kazi," alisema.

Ujumbe ulikuwa umepangana. Wa juu kabisa ulitoka kwa mtu anayeitwa Mwanahalima, yuko Temeke. "Mama yangu ana kidonda mguuni, ni sukari. Nimesoma ya Bi Khurshid nikalia. Naomba chupa sita. Je, aendelee na dawa za hospitali au aache?"

Chini yake Mansuri alikuwa amejibu: "Karibu sana, matokeo utayaona mwenyewe."

Kidawa alimgeukia Mansuri. Angemtolea shemeji yake uvivu wote siku ile, lakini hakuwahi. Pikipiki ilisimama, akashuka Alihussein, mtoto wa Bi Khurshid, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Hakusalimia. Alisimama mbele ya bango akamtazama mama yake muda mrefu.

"Mama alikatwa mguu mwezi wa pili," alisema, mgongo umewaelekea. "Mwezi wa nne kafa. Kwa sukari. Arobaini yake bado, na mimi napigiwa simu na watu wananiuliza kapona vipi." Akageuka. "Bi Kidawa, tumekukosea nini?"

"Kaka Alihussein..."

"Ruhusa tunayo!" Mansuri alidakia, kidevu juu. "Sisi hatuweki mtu bila ruhusa. Mama yako mwenyewe alimpa shemeji, kwa sauti, imo humu ndani ya simu."

"Ni kweli?" Alihussein alimtazama Kidawa.

Angeweza kusema ndiyo, basi. Ingekuwa kweli nusu, na nusu ile ingemtosha kujifichia. Alitazama lile bango lililomfanya mwanamke wa Temeke alie, akajua kwamba akijificha leo, ushuhuda wote kumi na mmoja umegeuka uongo.

"Sikiliza mwenyewe," alisema. Aliitafuta sauti ile, akaongeza mlio hadi mwisho.

Bi Khurshid alikohoa kwanza, kama alivyozoea. "Kidawa mwanangu, mafuta yako ni nazi tupu, hayana ujanja. Visigino vyangu vilivyopasuka vimelainika, na mchuzi nimeupikia. Hayo sema, na jina langu weka, ukurasani tu. Picha hapana. Sura yangu ni ya watu wa nyumbani. Na usije ukaniongezea maneno, eh! Siku nikitaka kusema uongo, nitausema mwenyewe." Akacheka, sauti ikakatika.

Mansuri alikuwa ameinama, anazitafuta ndala zake kwa macho.

"Picha umeitoa wapi?" Kidawa alimwuliza.

"Kwenye profaili yake ya WhatsApp."

"Umeiba. Sema umeiba."

"Shemeji, mbele ya watu..."

"Mbele ya watu ndipo ulipoliweka! Mwenzio kasema hapana akiwa hai, unamvizia akiisha kufa? Una nini moyoni, wewe?"

Hakungoja jibu. Alimpigia Mwanahalima palepale, spika iko wazi, Alihussein anasikia. Alimwambia mambo yalivyo: maneno yale si ya Bi Khurshid, ni uongo wa kibanda chake. Mafuta haya hayatibu kidonda. Mama asiache dawa hata siku moja, na kidonda akakionyeshe hospitali leo, asingoje kesho. Chupa hatatuma.

"Nyie watu," Mwanahalima alisema. "Jana, baada ya jibu lenu, nimemwachisha dawa." Akakata simu.

Kidawa alikaa juu ya gunia la nazi. Kisha akainuka, akapanda kwenye benchi, akafungua kamba za bango kwa meno na kucha.

"Tusilitupe," Mansuri alinong'ona. "Plastiki nzuri hii, tufunikie nazi mvua ikija..."

"Toka kibandani kwangu!" Soko zima liligeuka. "Toka, na simu ya kazi usiiguse tena maisha yako!"

Mansuri alitoka. Kidawa alilikunja bango, sura ndani, maneno ndani, akampa Alihussein kwa mikono miwili.

"Ukurasani nafuta sasa hivi, na naandika kwa jina langu kwamba tulidanganya. Na yale maneno yake ya kweli, yaliyokuwepo tangu zamani..."

"Yafute pia. Jina lake lisionekane kwako tena."

"Sawa."

Alifuta mbele yake. Ushuhuda wa kwanza, ulioufungulia mlango mwingine wote, ukaondoka kwa kidole kimoja. Alihussein aliliweka bango kwapani, akaipanda pikipiki, akaiwasha, kisha akazima mashine.

"Ile sauti," alisema bila kumtazama. "Mimi sina hata moja aliyocheka. Nitumie."

Kidawa alimtumia. Alihussein aliweka simu sikioni, akabaki pale kwenye jua, anamsikiliza mama yake akikataa.