Mshahara Ulioazimwa

Mama Pelagia alikuwa mzembe wa ripoti, na nalisema hili mapema ili mtu asidhani nilimtetea kwa sababu nilimpenda. Sikumpenda sana. Alikuwa mtunza stoo wetu wa Kibondo, mzaliwa wa Busunzu, na stoo yenyewe ilikuwa safi kiasi cha kuudhi: ndoo zimepangwa kwa rangi, sabuni zimehesabiwa, mabomba yamelazwa kwa urefu. Ila tangu tulipohamia kwenye kompyuta, ripoti yake ya mwezi ilifika Kasulu imechelewa wiki mbili, na tarakimu zake zilikuwa zimejipanga zinavyotaka zenyewe.

Mimi ni Kuruthumu, afisa rasilimali watu wa shirika linalopeleka maji kwenye makambi ya wakimbizi. Nimetoka Tanga, nina miaka sita Kasulu, na bado asubuhi za Julai navaa masweta mawili. Watu hudhani kazi yangu ni ya huruma. Kazi yangu ni mafaili. Faili likiwa sawa, nalala.

Mkuu wetu wa ofisi, Godson, aliamua mama Pelagia awekwe kwenye mpango wa kuboresha utendaji wa miezi mitatu, na hapo sikuwa na ubishi. Mpango ni kitu cha haki ukiandikwa vizuri: unamwambia mtu wapi amepungukiwa, unampa malengo, msaada na muda, halafu mnakutana kila mwezi kuangalia alipofika. Wa kwake ulisema ripoti ifike kila tarehe tano, makosa yapungue, na yeye apewe mafunzo ya siku mbili ya kompyuta.

Tatizo lilianza Godson alipotoa karatasi nyingine mbili kwenye droo.

"Ya kwanza ni ya nyongeza," alisema. "Mwaka huu hapati. Ya pili ni ya mshahara. Tunapunguza asilimia kumi na tano mpaka mpango uishe. Haiwezekani mtu afanye kazi nusu alipwe nzima."

Wafadhili walikuwa wamebana bajeti tangu Machi, na Godson alikuwa anaokota shilingi popote anapoiona. Nilimwelewa. Hata hivyo nilimjibu kama ninavyojibu siku zote, kwa vifungu.

"Nyongeza ziko mbili, bosi. Ya utendaji unaweza kuizuia, sera yetu imeandika kwamba aliye kwenye mpango anasubiri, tunamwangalia upya ukiisha. Lakini ile ya jumla ya asilimia tano, waraka wako mwenyewe umesema ni ya wafanyakazi wote kuanzia Julai. Hukuweka sharti. Huwezi kumtoa yeye sasa."

"Na mshahara?"

"Mshahara uko kwenye mkataba. Mpango si adhabu, haugusi mshahara. Huwezi kuukata peke yako, sheria ya ajira hairuhusu. Labda mkae, mzungumze, na yeye akubali mwenyewe kwa maandishi."

"Basi nenda akakubali," Godson akasema, akaisukuma karatasi upande wangu. "Wewe si ulisaini mwaka jana? Ulikufa?"

Sikufa. Mwaka jana mwezi wa tano na mimi niliwekwa kwenye mpango, kwa sababu nilichelewesha mikataba ya watu kumi na wawili. Ilikuwa kweli, nilichelewesha. Godson aliniletea karatasi kama hiihii, asilimia kumi na tano kwa miezi mitatu, nami ninayejua vifungu vyote nikasaini nikiwa nimesimama. Niliona aibu, na mtu mwenye aibu hasomi. Mpango nikaufaulu, tukaendelea na kazi.

Kesho yake nikapanda gari la ofisi kwenda Kibondo. Njia nzima nilijiambia kwamba nampelekea mtu karatasi tu. Mkataba wangu unaisha Desemba, na anayeamua kama utaendelea ni Godson, kwa hiyo sikuwa na haja ya kujifanya shujaa wa vifungu katikati ya mwaka.

Mama Pelagia alinipokea mlangoni mwa stoo, miwani imefungwa kwa uzi shingoni, akanisalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, dada Kuruthumu. Karibu ndani, huku nje kuna vumbi la mafundi wa barabara."

Alinipa kiti kimoja alichokuwa nacho, yeye akakaa juu ya katoni tupu. Nilimweleza mpango wote, lengo kwa lengo. Alisikiliza huku ameinamisha kichwa. Ana watoto wawili wanaosoma Kakonko na mume ambaye mgongo ulimtoa kwenye kilimo. Mshahara ule ndio nyumba nzima. Aliniuliza kama anafukuzwa.

"Hapana, mama. Unapewa muda ujirekebishe. Ukishindwa baada ya kusaidiwa, hapo ndipo kunaweza kuwa na kikao, na utasikilizwa kabla ya uamuzi wowote."

"Ripoti kweli zinachelewa," akasema. "Sikatai. Ile mashine inanisumbua. Nahesabu usiku kwa daftari, asubuhi naingiza, inanifutia."

Akasaini mpango. Kabla ya kusaini alipigia mstari kwa kidole ile sehemu ya mafunzo, akauliza yanaanza lini. Nikasema wiki ijayo, ingawa nilijua Godson ameyakata kwenye bajeti. Hilo nalo nililihifadhi kichwani. Karatasi ya nyongeza nilikuwa nimeirekebisha, ikabaki ile ya utendaji peke yake, na hiyo aliisoma, akasema ni haki, aliyelegea atasubiri. Akasaini kwamba ameipokea.

Ndipo nikamwekea ya tatu.

"Na hii ni utaratibu tu," nikasema. Nilijisikia vibaya palepale. Hilo neno ndilo Godson aliloniambia mimi.

Mama Pelagia akavaa miwani. Alisoma polepole, midomo ikimchezacheza, mpaka mwisho, akarudi tena juu. Halafu akanitazama kama anavyomtazama dereva aliyeleta mzigo bila hati.

"Dada, naomba nikuulize kistoo, ndiyo lugha ninayoijua. Mimi nasaini mara mbili tu. Nasaini nimepokea, au nasaini nimetoa. Hapa nimepokea nini?"

"Hujapokea kitu."

"Basi natoa. Nani ameomba? Anakwenda kufanyia nini?"

"Ofisi imeomba."

"Ofisi. Sawa. Imeazima au imechukua moja kwa moja? Maana hata koleo nikiliazimisha, fundi ananiandikia tarehe ya kulirudisha. Tarehe ikifika halijarudi, namfuata. Si kwa ubaya. Koleo si langu, ni la stoo." Akagusa karatasi. "Hii inasema miezi mitatu. Mwezi wa nne nani atakwenda kuufuata mshahara wangu urudi pale ulipokuwa? Unarudi wenyewe?"

Nilitazama sabuni.

Mshahara wangu haukurudi. Miezi mitatu iliisha Julai mwaka jana, Agosti ukaingia uleule uliokatwa, na Septemba vilevile. Mwanzoni nilijiambia Godson amesahau na atakumbuka. Baadaye niliona haya kumkumbusha, kwa sababu kumkumbusha ni kukumbusha pia kwamba niliwahi kuwa kwenye mpango. Miezi kumi na moja. Nimewaandikia wengine barua za madai yao ya likizo, ya posho, ya safari, na langu nililikalia kimya kama mwizi.

"Dada Kuruthumu, nisiposaini ni kosa?"

Hapo ndipo palikuwa pagumu, na nataka niseme wazi kwamba nilifikiria kudanganya. Lilikuwa jambo rahisi. Ningesema ni kosa, angesaini, Desemba yangu ingekuwa salama.

"Si kosa," nikasema. "Kukatwa huku si sehemu ya mpango. Usipokubali, mshahara wako unabaki kama ulivyo kwenye mkataba, na nyongeza ya jumla unaipata kama wenzako. Mpango unaendelea vilevile, utapimwa kwa ripoti zako. Wakikukata bila ridhaa yako, unaweza kulalamika, na wasipokusikia unapeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku sitini. Na mafunzo yamo kwenye mpango uliosaini. Yasipokuja, dai. Hawawezi kukupima kwa msaada ambao hawakukupa."

"Kwa nini hukuanza na hayo?"

"Niliogopa, mama."

Akaikunja karatasi kwa adabu, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Hii rudi nayo. Mwambie bosi stoo haijatoa."

Nilipokuwa naondoka nilimwomba karatasi moja kutoka kwenye kitabu chake cha hati za kurejesha vifaa. Nilitaka kuandika humo kwamba mshahara wangu haujarudishwa, kwa hasira tu. Akaniambia zina namba, hawezi, mkaguzi atamuuliza. Nikacheka peke yangu mpaka kwenye gari.

Godson alinisubiri ofisini. Nikamwekea mpango uliosainiwa, karatasi ya nyongeza ya utendaji, na ile ya tatu ikiwa haina saini.

"Amekataa? Umemshauri akatae?"

"Ameuliza, nimemjibu. Na mafunzo ya kompyuta yarudi kwenye bajeti, bosi. Yakikosekana, mwisho wa miezi mitatu hatutakuwa na mpango, tutakuwa na barua tu, na tukipelekwa kwenye Tume tutaaibika wote wawili."

Alipumua kwa nguvu, akaandika kitu kwenye kalenda yake. Alikuwa na hasira, lakini Godson si mjinga, na kesi anaziogopa kuliko anavyoogopa wafadhili. Akasema mafunzo yawe Jumatatu. Akaitupa ile karatasi isiyo na saini kwenye kikapu.

Nikaitoa kikapuni, nikaitia kwenye faili. Halafu nikamwekea barua nyingine mezani, niliyoiandika njiani kwa kalamu, gari likirukaruka, mwandiko umepinda. Ilikuwa na mistari minne. Ilisema nilikubali kukatwa miezi mitatu, Mei mpaka Julai mwaka jana, na kwamba kuanzia Agosti sikumkubalia mtu yeyote. Niliomba mshahara wangu urudi kwenye kiwango cha mkataba na nilipwe pesa zilizokatwa tangu hapo.

Godson aliisoma, akaigeuza nyuma kama kuna kitu kingine kimeandikwa huko, akaisoma tena.

"Miezi kumi na moja," akasema taratibu. "Lakini Kuruthumu, orodha ya mishahara naletewa na nani?"

"Na mimi."

"Kwa hiyo kila mwezi ni nani aliyekuwa anakukata?"

"Mimi mwenyewe," nikasema. "Nilikuwa naukata mshahara kwa mkono wangu, halafu nakuletea usaini."