Elfu Tano za Chaneli

Bathsheba, mke wangu, aliziweka elfu tano mezani, akazifunika na kikombe zisipeperuke.

"Ni hizo," akasema. "Mnunue kitu kimoja. Kimoja! Mkirudi kuniomba nyingine, nitauza hao ng'ombe mnaowapiga picha."

Hapo ndipo nyumba iliponigeukia. Kila mtu Nyansiongo, pamoja na wale wasio na hata redio, alijua chaneli yangu ya ng'ombe mtandaoni inakosa nini. Rafiki yangu Thadeus, aliyestaafu udereva wa lori la majani chai, alisema kamera. Bathsheba alisema taa, ile ya duara, maana eti kwenye video nafanana na mtu anayetafutwa na polisi. Mimi pia nilitaka kamera. Nina uso mzuri na simu haikuutendea haki.

Binti yetu Nyanchera, anayeishika hiyo simu na kuzikata video, aliinamia zile video zetu za zamani. Alikuwa na sababu. Shangazi yake wa Nairobi alishamwekea nafasi dukani kwake, aanze mwezi ujao. Kilichomzuia kufunga sanduku ni ahadi moja tu. Ogari, mwenye duka la dawa na chakula cha mifugo pale Keroka, alisema atatulipa kila mwezi tutangaze bidhaa zake, ila atazame kwanza video moja mpya, Jumapili asubuhi, na aonyeshwe kwamba watazamaji watano kati ya kumi wanafika katikati. Wakati huo walikuwa wanafika wawili. Sijui wale wanane walikuwa na haraka ya kwenda wapi.

Na si kwamba sina la kusema. Nimehimilisha ng'ombe miaka thelathini na minne, mimi na pikipiki na mtungi wa mbegu, kutoka hapa mpaka Kenyenya. Kulikuwa na ng'ombe mmoja huko Kenyenya akisikia tu mlio wa pikipiki yangu anajipanga mwenyewe kibandani na kusogeza mkia. Mwaka niliostaafu alichoka kunisubiri, akaja hapa Nyansiongo kwa miguu. Alifika Alhamisi. Mtu mwenye habari kama hizo anatazamwa sekunde ishirini na tano kisha anaachwa!

"Ni picha," Thadeus akasema. "Daktari, picha yako ina ukungu. Kuna mpwa wangu Kiogoro anauza kamera aliyopigia harusi. Elfu tano tu. Haina betri, lakini betri ni kitu?"

"Betri ndiyo kitu," Nyanchera akasema, akanigeukia mimi baba yake. "Tata, hebu njoo uone."

Akanionyesha grafu kwenye simu, ule mstari unaoonyesha watu wanavyobaki na kuondoka. Video ya kwanza, mstari unakwenda sawa, halafu kwenye sekunde ya ishirini na tano unaanguka kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi. Video ya pili unaanguka kwenye sekunde ya arobaini. Ya tatu, dakika nzima.

"Sasa, kwenye kila video, hapo mstari unapoanguka, ulikuwa unafanya nini?"

Tukatazama. Ya kwanza, nilikuwa natoka sebuleni kuingia zizini. Ya pili vilevile. Ya tatu niliongea sana sebuleni, ndiyo maana walikaa dakika nzima, kisha nikaingia zizini.

"Wanachukia ng'ombe," Thadeus akasema.

"Wamefuata ng'ombe, baba Thadeus! Ni chaneli ya ng'ombe!" Nyanchera akavuta pumzi kama mwalimu wa darasa la kwanza ifikapo Ijumaa. "Mama, lalisha simu kifudifudi. Msikilize tu."

Tukasikiliza. Sebuleni, sauti yangu safi. Zizini, nikawa mtu anayeongea ndani ya pipa, ng'ambo ya mto, na jogoo ndiye mtangazaji. Nilikuwa mbali na simu hatua nne, maana lazima ng'ombe mzima aonekane. Jogoo alikuwa hatua moja.

Kisha Nyanchera akazima sauti tutazame picha peke yake. Nikaonekana vizuri. Kiwele kilionekana, chuchu zote nne unazihesabu. Ule ukungu wa Thadeus ulikuwa mafuta ya vidole kwenye kioo cha kamera ya simu. Nyanchera akaupangusa na ncha ya leso, ukatoka bure.

"Na taa?" Bathsheba akauliza, maana hapendi kushindwa.

"Mama, tunapiga mchana. Jua linatoa taa bure. Mtu anavumilia picha mbaya, lakini asichosikia anakiacha. Tunanunua maiki, ile ndogo ya kubana kwenye shati, isiyo na waya."

"Ya waya ni rahisi," nikasema.

"Na Kerubo atakula waya."

Kerubo ni ng'ombe. Alishakula koti langu la mvua, kwa hiyo sikubisha.

Alhamisi nikaenda Kisii mjini na Thadeus, kosa ambalo sitalirudia. Kijana wa dukani alitupima kwa macho, akatuletea taa ya duara, stendi, pazia la kijani, na kitu kinachoruka.

"Wazee, hii ndio itawatoa. Kila mtu ananunua hii."

"Tumetumwa maiki," nikasema.

"Maiki ni ya mwisho, mzee wangu. Unaanza na muonekano."

"Unaona?" Thadeus akasema, na akaanza kukishika kile kinachoruka. "Daktari, fikiria. Ng'ombe kutoka juu."

"Nani anakamua kutoka juu?"

Mnashangaa kwa nini nywele zangu zimeisha. Nikampigia Nyanchera nikampa yule kijana simu. Sijui alimwambia nini, ila kijana alibadilika akaanza kusema "ndiyo dada." Akatafuta maiki ambayo kipokezi chake kinaingia kwenye tundu la simu yetu, kwa maana za tundu lingine zilikuwepo na alikuwa karibu kutufungia. Akaongeza na kile kimanyoya cha kuvisha maiki ili upepo usivume ndani. Nyanchera akasema tusitoke dukani kabla ya kurekodi na kusikiliza. Tukarekodi. Thadeus akagonga maiki mara tatu, akaipuliza, akasema, "Haloo, haloo, wafiwa mkae mbele."

Ningelijua hilo ni onyo.

Kwetu hapa, mzee akishika maiki ni mazishini, na mazishini unafoka, kwa sababu spika ziko juu ya mti na nusu ya waombolezaji wako kwenye foleni ya chakula. Nimeongoza mazishi mengi. Sauti yangu iliwahi kuvuka Nyansiongo mpaka mji mwingine, watu wakaja na shada kwa marehemu wasiyemjua.

Basi Ijumaa asubuhi, wakati wa kukamua, Nyanchera akanibania maiki shatini, akasema, "Tata, jaribu." Nikajaribu kwa upole, moja, mbili, tatu. Akasikiliza kwa visikizi, akakubali. Akaanza kurekodi, na mimi nikaona maiki, nikaona umati, nikasimama wima.

"WAPENZI WAFUGAJI!"

Kerubo alipiga ndoo teke. Nikaendelea hivyo dakika saba, nikifundisha namna ya kukagua ugonjwa wa kiwele: unakamulia maziwa ya kwanza kwenye kikombe cheusi, ukiona vipande au maji maji, ng'ombe ni mgonjwa, hayo maziwa usiyachanganye. Somo zuri. Nyanchera aliposikiliza, sauti ilikuwa imepasuka yote, inakwaruza kama bati linaloburutwa kwenye kokoto.

"Punguza unapoikata video," nikamwambia.

"Ikishapasuka wakati wa kurekodi haishonwi, Tata. Naweza kuishusha, itakuwa imepasuka kwa sauti ndogo."

Akakaa juu ya ndoo. Hakulia, lakini alikaa vile mtu anavyokaa akianza kuhesabu nguo za kubeba.

Ilibaki jioni hiyo tu, maana usiku wa Jumamosi peke yake usingetosha kupata watazamaji kabla Ogari hajaangalia. Sisi ni Wasabato. Jua la Ijumaa likizama, simu inakwenda kabatini mpaka Jumamosi jua lizame tena, na Ogari mwenyewe ni mzee wa kanisa, angeona video imepandishwa Sabato angeifunga kabla ya salamu. Na jioni hapa kwetu ni mvua, na zizi ni la mabati.

"Tungenunua kamera," Thadeus akasema.

Bathsheba alimfukuza na mwiko.

Saa kumi mvua ikaanza. Nyanchera akashusha kipimo cha sauti kwenye kipokezi, akanibania maiki shubiri moja chini ya kidevu. Akasimama karibu na simu, akaniambia, "Tata, usiongee na wafiwa. Ongea na Kerubo."

Basi nikaongea na Kerubo. Nikamwosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, nikamfuta na kitambaa chake mwenyewe, nikamweleza kikombe cheusi ni cha nini, taratibu, kama watu wawili wanaofahamiana. Mabati yalipiga kelele juu yetu. Niliamini tumekwisha. Halafu Nyanchera akanivisha visikizi, nikasikia mvua iko mbali, kule nyuma, na mimi niko ndani ya sikio langu mwenyewe. Mdomo wangu ulikuwa karibu na maiki kuliko mvua, basi.

Akaikata video mbio mbio, akaruka huku na huku bila kusikiliza yote, akaipandisha jua likiwa limebaki kidole kimoja juu ya mikaratusi.

Jumapili tukaenda Keroka, Nyanchera na mimi. Ogari alikuwa nyuma ya kaunta, amevaa miwani, simu mkononi. Hakutukaribisha kiti.

"Nionyeshe mstari," akasema.

Nyanchera akamwonyesha. Katikati ya video walikuwa wamebaki watano na nusu kati ya kumi. Sijui nusu mtu anatazamaje.

"Na hiki kilima ni nini?" Ogari akaweka kidole karibu na mwisho, pale mstari ulipopanda badala ya kushuka.

"Hapo watu wamerudisha nyuma kusikiliza tena," Nyanchera akasema. "Sijui ni nini."

"Mimi najua." Akaibonyeza.

Nilikuwa nimeinama chini ya Kerubo, mgongo kwa simu, nikidhani nimemaliza. Nikajisikia, wazi kabisa, kila herufi, nikimwambia ng'ombe: "Mama, tunanyeshewa hivi kwa sababu ya Ogari. Mkono wa birika yule. Akikuuzia chumvi ya ng'ombe anailamba kwanza ipungue."

Nyanchera alifumba macho. Mimi nikaanza kusoma bei za dawa ya minyoo ukutani.

"Tangu jana usiku wamekuja watu kumi na wanne," Ogari akasema. "Wanasimama hapo mlangoni wananitazama. Tisa wamenunua chumvi, wanafungua mfuko mbele yangu, wanaikagua." Akavua miwani. "Nitalipa. Miezi sita. Nyanchera, mwambie shangazi yako atafute mtu mwingine."

Nyanchera alitoka nje kupiga simu, akiruka madimbwi. Mimi nikamshukuru Ogari, nikageuka.

"Daktari," akaniita. "Kila video unitukane kidogo. Lakini chumvi usiiguse. Sema juu ya mavazi."

Miaka thelathini na minne ya utaalamu. Sasa kila Ijumaa nakaa kwenye kigoda nikitafuta la kusema juu ya suruali za Ogari, na Bathsheba ananiambia nikiongea na ng'ombe nitabasamu, maana uso bado unafanana na wa anayetafutwa.